Sura ya Tano: Geti Lako Lina Kilo Ngapi?

Mtu anayejenga nyumba hufika mahali akauliza swali moja, na hulirudia kila anapokutana na mtu aliyekwisha kuweka geti: inakuwaje mafundi wawili wapewe vipimo vilevile, waangalie picha ileile ya kwenye simu, halafu mmoja ataje bei inayozidi ya mwenzake kwa karibu nusu? Jibu la haraka ni kwamba mmoja ni mwizi. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi mafundi hao hawauzi kitu kimoja. Upana wa geti ni uleule, urefu uleule, rangi ileile, na bomba la fremu kwa nje lina sura ileile. Kinachotofautiana ni kiasi cha chuma kilichomo, nacho hakionekani kwa macho.

Chuma hununuliwa kwa uzito tangu kiwandani. Muuzaji wa rejareja anapokutajia bei ya bomba moja zima, ameshaficha uzito ndani ya bei hiyo. Sura hii inakuonyesha jinsi ya kuutoa tena, kwa kikokotoo cha simu na mizani, kabla hujakubaliana bei na fundi.

Bomba tunalolizungumzia

Fremu nyingi za mageti ya nyumbani hutengenezwa kwa bomba la chuma lenye pande nne na uwazi katikati. Likiwa na pande zinazolingana ni la mraba. Likiwa na pande mbili pana na mbili nyembamba ni la mstatili. Madukani yote mawili huitwa skwea paipu bila kujali, kwa hiyo unapoagiza taja vipimo, usitegemee jina.

Vipimo ni vitatu, na hutajwa kwa milimita: upande mpana, upande mwembamba, na unene wa ukuta wa bomba. Bomba la 60 × 40 × 2 lina upande wa milimita 60, upande wa milimita 40, na ukuta wa milimita 2. Viwili vya kwanza ni vipimo vya nje, unaweza kuvipima kwa futi kamba ukiwa umesimama dukani. Cha tatu ndicho chenye fedha, na ndicho ambacho mnunuzi wa kawaida huwa haulizi.

Wengine hutaja unene kwa geji, mfumo wa zamani wa Kiingereza wa kupima waya. Humo namba ikiwa kubwa, ukuta ni mwembamba. Geji 14 ni kama milimita 2.03, geji 16 ni kama 1.63, na geji 18 ni kama 1.22. Tabu ni kwamba neno "geji 16" dukani hubandikwa hata kwenye bomba la milimita 1.5, na pengine kwenye jembamba zaidi. Ukitajiwa geji, omba milimita.

Uzito wa mita moja unatoka wapi

Chukua boksi tupu la dawa ya meno, kata vifuniko vyake viwili, kisha lipasue kwa urefu kwenye kona moja na ulilaze mezani. Unapata ukanda bapa. Bomba letu nalo ni ukanda uliokunjwa: kiwandani huanza kama utepe mrefu wa chuma, hupitishwa kwenye magurudumu yanayoukunja, na kingo zake mbili huunganishwa kwa kuchomelewa. Ukitazama ndani ya bomba utauona mstari wa kiungo hicho, umeinuka kama kovu.

Kwa hiyo uzito wa bomba ni uzito wa ukanda wake. Nao tunaujua, kwa sababu chuma cha ujenzi kina uzito unaojulikana: kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo. Bamba la mita moja kwa mita moja, lenye unene wa milimita 1, lina kilo 7.85. Unene ukiwa milimita 2, zidisha mara mbili. Shika namba hiyo, tutaihitaji tena tukifika kwenye shiti.

Sasa, upana wa ukanda ni nini? Ungedhani ni jumla ya pande nne: 60 + 40 + 60 + 40, yaani milimita 200. Hapo utakosea kidogo, kwa sababu pembeni kuta mbili hukutana na chuma cha pembe kingehesabiwa mara mbili. Isitoshe, pembe za bomba si kali; zimeviringika, na mviringo hula chuma kidogo kuliko pembe iliyonyooka. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, kwa mabomba ya kawaida ya mageti, hesabu inakuwa hii:

```
kilo kwa mita = (A + B − 3.3 × t) × t × 0.0157
```

A ni upande mpana, B ni upande mwembamba, na t ni unene, vyote kwa milimita. Namba 0.0157 ni ule uzito wa 7.85 uliogawanywa kwa elfu moja na kuzidishwa kwa mbili, kwa kuwa kila upande wa bomba uko mara mbili. Namba 3.3 ndiyo inayorekebisha pembe.

Tujaribu kwa 60 × 40 × 2. Jumlisha 60 na 40, unapata 100. Toa 3.3 mara 2, yaani 6.6, inabaki 93.4. Zidisha kwa 2, kisha kwa 0.0157. Jibu ni kilo 2.93 kwa kila mita. Ukifungua jedwali la viwanda vinavyofuata kiwango cha Ulaya cha mabomba haya, EN 10219, utakuta namba hiyohiyo.

Rudia kwa bomba lenye sura ileile lakini ukuta wa milimita 1.5: unapata kilo 2.24. Kwa milimita 1.2 unapata kilo 1.81. Mabomba hayo matatu ukiyapaka rangi na kuyasimamisha pamoja, hakuna atakayeyatofautisha kwa kuyatazama, ilhali la kwanza limelizidi la tatu kwa zaidi ya kilo moja katika kila mita.

Hesabu hii ina jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kwa kuwa A na B zinajumlishwa tu, bomba la 50 × 50 × 2 lina uzito uleule wa 60 × 40 × 2, maana yote mawili yanatoa 100. Muuzaji akikuambia la mstatili ni ghali kwa sababu "lina chuma zaidi", hana hoja. Ubora wa la mstatili uko kwingine: ukilisimamisha ule upande wa 60 uwe wima, linapinga kupinda kuliko la mraba lenye uzito sawa.

Kwa ufupi, kabla hatujaenda dukani: unene ndio unaobeba uzito, uzito ndio unaobeba bei, na kipimo cha nje hakikuambii unene.

Dukani: milimita mbili ambazo si mbili

Mazungumzo huwa mafupi.

"Kaka, hili ni milimita ngapi?"

"Mbili hiyo, mzee. Mbili kamili."

Pengine ni kweli. Kuna njia mbili za kuhakikisha, na mimi naipenda ya pili.

Njia ya kwanza ni kalipa, kile chombo chenye taya mbili kinachosoma sehemu ya kumi ya milimita. Kibane kwenye ukuta wa mdomo wa bomba. Lakini angalia mdomo huo kwanza. Msumeno au diski ikikata chuma huacha kingo zilizovimba, na kalipa ikizishika itakusomea milimita 2 kwenye bomba la 1.6. Piga tupa kidogo kingo ziwe safi, kisha pima katikati ya kila upande, mbali na lile kovu la kiungo. Pima angalau pande tatu.

Njia ya pili ni mizani, nayo haidanganywi na mdomo wa bomba kwa sababu inapima bomba zima. Bomba la mita 6 la 60 × 40 × 2 linapaswa kuwa na kilo 17.6. La 1.5 litakuwa na kilo 13.4, la 1.2 kilo 10.9. Kama duka halina mizani ya sakafuni, ile ndogo ya kupimia uzito wa mwili inatosha: panda mwenyewe, soma, shuka, libebe bomba kwa katikati likiwa limelala sawa na bila kugusa kitu, panda tena, soma, toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Utakuwa umekosea kwa nusu kilo hivi, na nusu kilo haiwezi kukuchanganya kati ya 17.6 na 13.4.

Bomba halitakuwa na gramu kamili za kwenye jedwali, na si haki kulidai hivyo. Kiwango cha EN 10219 kinaruhusu uzito wa bomba moja upungue au uzidi kwa asilimia 6, na unene wa ukuta wa mabomba membamba kama haya uachane na uliotajwa kwa asilimia 10. Kwa bomba letu, chini ya kilo 16.5 si tena bomba la milimita 2 lililopungua kidogo. Ni bomba jingine lililovishwa jina.

Tuseme umepima ukapata kilo 14.9. Gawanya kwa 6, ni kilo 2.48 kwa mita. Ukijaribu unene kadhaa kwenye ile kanuni, utaona milimita 1.67 ndiyo inayokupa jibu hilo. Umeuziwa geji 16 kwa jina la milimita 2.

Kabla ya kugawanya, pima pia urefu. Bomba la "mita sita" huwa wakati mwingine ni la mita 5.8, hasa lililosafiri baharini, kwa kuwa ndani ya kontena la futi 20 kuna mita 5.9 tu. Si wizi kama bei imezingatia hilo. Lakini ukigawanya kwa 6 wakati urefu ni 5.8, utamshtaki muuzaji kwa wembamba ambao haupo. Tena utaona hivi punde kwamba sentimita 20 zinaweza kuvuruga mpango mzima wa kukata.

Sasa tuione bei. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kilo moja ya bomba ni shilingi 3,000 za Tanzania. Wewe weka bei ya siku yako. Bomba halisi la milimita 2 litakuwa shilingi 52,800. Duka la jirani linakuuzia "milimita 2" kwa shilingi 50,000, unaona umeokoa. Bomba hilo likiwa na kilo 13.4, umelipa zaidi ya shilingi 3,700 kwa kila kilo. Umeondoka na bomba la bei nafuu na chuma cha bei ghali.

Geti moja, kuanzia kipimo hadi kilo

Tuchukue geti la milango miwili, nafasi kati ya nguzo mita 3.6, urefu wa mlango mita 2. Ukiacha milimita 20 kila upande wa bawaba na 10 katikati milango inapokutana, kila mlango unabaki na upana wa milimita 1,775. Fremu ni ya 60 × 40 × 2, upande wa 60 ukitazama mbele, pembe zimekatwa mshazari na kuchomelewa. Katikati kuna bomba moja la kulala, lililoingia kati ya yale mawili ya kusimama; urefu wake ni 1,775 kutoa 60 mara mbili, yaani 1,655.

Kila mlango basi unataka vipande viwili vya 2,000, viwili vya 1,775 na kimoja cha 1,655. Kwa milango miwili ni mita 18.41. Zidisha kwa 2.93, ni kilo 54.

Hapa ndipo wanaohesabu haraka huumia. Mita 18.41 zinazidi mabomba matatu kwa sentimita 41. Duka halitakukatia sentimita 41, kwa hiyo utanunua bomba la nne, na utalipa kilo 70 kwa fremu ya kilo 54. Fundi mwaminifu atakutajia bei ya mabomba manne na utamwona ghali. Fundi mjanja atakutajia matatu, kisha kipande kilichokosekana atakitoa kwenye masalia ya geti la mtu mwingine, bomba lolote atakalolikuta nyuma ya banda lake.

Mimi, nikiwa nimeshalazimika kununua la nne, ningelitumia. Badala ya bomba moja la kulala katikati ya kila mlango, weka mawili. Shiti litashikiliwa kwenye mistari minne badala ya mitatu, na halitavuma kila geti linapofungwa. Mpango wa kukata unakuwa hivi:

- Bomba la kwanza: 2,000 + 2,000 + 1,775. Linabaki 225.
- Bomba la pili: vilevile. Linabaki 225.
- Bomba la tatu: 1,775 + 1,775 + 1,655. Linabaki 795.
- Bomba la nne: 1,655 mara tatu. Linabaki 1,035.

Zimetumika mita 21.72 kati ya 24, na masalia ni chini kidogo ya asilimia 10. Diski ya kukatia nayo hula milimita mbili tatu kila mkato, haina madhara hapa. Ila tazama bomba la kwanza na la pili: vipande vyake vinachukua milimita 5,775. Kwenye bomba la 5,800 inabaki milimita 25 tu. Inatosha, lakini mdomo wa bomba ukiwa umebonyea kwa kuangushwa garini, haitoshi tena.

Kwa kilo 17.6 kwa bomba, umenunua kilo 70.4, na zilizoingia getini ni kama 63.7, yaani kama 31.8 kwa kila mlango. Kwa bei yetu ya mfano mabomba manne ni shilingi 211,200. Geti hilohilo kwa bomba la milimita 1.5 lingekuwa kama 161,000. Tofauti ya shilingi elfu hamsini yenyewe si wizi; ni geti jingine. Inakuwa wizi pale unapolipia la kwanza ukapewa la pili.

Shiti, ambalo hakuna anayelipigia kelele

Baada ya kugombana juu ya fremu, watu hukubali shiti lolote. Angalia uzito wake. Mlango wetu una eneo la mita za mraba 3.55. Kwa shiti la milimita 1.2, zidisha 3.55 kwa 1.2 kisha kwa 7.85: ni kilo 33.4. Shiti limeizidi fremu yake. Likipunguzwa hadi milimita 1, zinaondoka kilo 5.6 kwa kila mlango bila yeyote kugusa bomba. Kwa hiyo andika unene wa shiti kwenye makubaliano kama ulivyoandika wa bomba.

Jumla ya mlango mmoja ni kilo 65 hivi, bila bawaba, kufuli na rangi. Namba hii fundi aijue kabla ya kuchagua bawaba, maana mlango mpana kiasi hiki unaivuta bawaba ya juu kando. Bawaba zikiwa zimeachana kwa mita 1.5, mvuto huo ni kama uzito wa kilo 38, usiku na mchana, na nguzo lazima iuhimili.

Kwa nini usimlipe fundi kwa kilo peke yake

Ukishaelewa haya yote, kishawishi ni kumwambia fundi: nitakulipa kiasi fulani kwa kila kilo ya geti, kazi na vifaa pamoja. Kwa kazi kubwa za mapaa ya maghala mtindo huo hutumika na una mantiki. Kwa geti la nyumbani nasita. Kazi ya fundi haiendi na kilo; inaenda na viungo. Geti letu lina pembe nane na miunganiko minane ya mabomba ya kulala, iwe ukuta ni wa milimita 1.2 au 3. Tena ukuta mwembamba ni mgumu zaidi kuchomelea, kwa kuwa moto ukizidi kidogo chuma kinatoboka. Ukilipa kwa kilo, fundi wa bomba jembamba anapata kidogo kwa kazi ngumu zaidi, na wa bomba nene analipwa zaidi kwa kazi nyepesi. Na ukilipa kwa geti zima bila kutaja kilo, faida yote iko kwenye kupunguza unene.

Kilicho bora ni kutenganisha. Chuma kiandikwe kwa vipimo vitatu, idadi ya mabomba, na kilo zinazotarajiwa. Vijiti vya kuchomelea, diski, rangi na bawaba viwe mstari wao. Ufundi uwe mstari wake. Bei mbili zikiandikwa hivyo, unaweza kuziweka bega kwa bega ukaona ni nani aliyepunguza nini.

Mstari mmoja zaidi ninaouongeza kwenye makubaliano: masalia ni ya mwenye geti. Kwenye mfano wetu kuna kipande cha milimita 1,035. Kipeleke kwenye mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama. Kikiwa na kilo 3 na gramu kidogo, bomba la nne lilikuwa la milimita 2. Kikiwa na kilo 2.3, lilikuwa la 1.5. Omba pia kile cha milimita 795 na vile viwili vya 225, kwa maana bomba moja zuri linaweza kutangulizwa mbele ya matatu mabovu. Cha 795 kinatakiwa kuwa na kilo 2.3, na kila kimoja cha 225 gramu 660. Vipime kabla hujalipa salio la mwisho.